Kipara cha baba, njia pana ya mama: Kwa nini daktari hutafuta daraja kabla ya kuandika dawa

Walikuja pamoja, mume na mke, lakini kila mmoja alikuja na jawabu lake mfukoni.

Mume ana miaka 34. Kwa miaka minne amekuwa akivaa kofia hata ndani ya nyumba, kwa sababu utosini kumetokea duara la ngozi ambalo watoto wa dada yake huliita "sahani". Alikuwa ameweka akiba ya kwenda Uturuki kupandikizwa nywele, na alichotaka kwa daktari ni barua tu ya kuthibitisha kuwa afya yake ni nzuri.

Mke ana miaka 37. Yeye hakuwa na duara lolote. Alichoona ni kwamba njia ya katikati ya kichwa, ile ambayo msusi huianza nayo, inazidi kuwa pana kila anapofumua. Aliamini ni mambo ya uzazi, ingawa mtoto wao pekee ana miaka mitano sasa. Alitaka aandikiwe dawa ya kupaka aliyoisikia kwa rafiki yake.

Walitoka saa moja baadaye bila barua na bila ile dawa ya rafiki. Mume aliambiwa aache kwanza akiba yake benki, aanze dawa. Mke aliambiwa asianze dawa ya nywele kwa sasa. Tofauti hiyo ilitokana na jambo moja: daraja la upungufu ambalo daktari wa ngozi alilisoma kwenye kichwa cha kila mmoja.

Wameturuhusu tusimulie habari yao bila kutaja majina, kwa kuwa inaonyesha vizuri jambo ambalo wagonjwa wengi hawaelezwi: namba anayoandika daktari kwenye faili haipimi aibu yako, wala haisemi tu una kipara kiasi gani. Inasema ni kitu gani bado kipo hai cha kuokoa, na una muda kiasi gani.

Unywele haung'oki tu, unasinyaa

Watu wengi hufikiri kipara cha kurithi ni nywele kudondoka. Kudondoka ni kawaida: kila mtu hupoteza nywele kati ya 50 na 100 kwa siku, na zingine huota mahali pake. Tatizo la kipara cha kurithi liko kwenye shina, yaani kile kijishimo ndani ya ngozi kinachootesha unywele. Kwa mtu aliyerithi udhaifu huo, homoni ya kiume iitwayo testosteroni hugeuzwa mwilini kuwa homoni nyingine kali zaidi, dihidrotestosteroni, nayo hulisinyaza shina kidogo kidogo. Kila mzunguko mpya wa kuota, shina hutoa unywele mwembamba na mfupi kuliko uliotangulia, mpaka mwisho hutoa malaika tu, kama zile za mashavuni mwa mtoto. Mwishowe halitoi kitu.

Mmarekani James Hamilton ndiye aliyeonyesha nafasi ya homoni hizo. Mwaka 1942 aliandika kuhusu wanaume waliohasiwa kabla ya kubalehe. Hawakupata kipara. Lakini walipopewa testosteroni, wale ambao koo zao zina kipara walianza kupoteza nywele. Homoni peke yake haitoshi, na urithi peke yake hautoshi. Vikikutana ndipo shina husinyaa.

Hapo ndipo maana ya daraja inapoanzia. Shina lililosinyaa nusu linaweza kurudishwa nguvu kwa dawa. Shina lililokufa halifufuki kwa dawa yoyote ya kupaka wala ya kumeza. Kwa hiyo swali la daktari si "una nywele ngapi?" Swali ni "mashina mangapi yamesinyaa, na mangapi yamekwisha?"

Ngazi saba za wanaume

Kipimo kinachotumika zaidi kwa wanaume kilianzia kwa Hamilton huyo huyo, aliyechapisha mpangilio wake mwaka 1951. Mwaka 1975 daktari mwenzake wa Marekani, O'Tar Norwood, aliuboresha baada ya kuchunguza vichwa vya wanaume 1,000. Ndiyo maana huitwa kipimo cha Hamilton na Norwood. Kina madaraja saba, na kila daraja lina mchoro wake wa kichwa kikionekana kwa upande na kwa juu.

Daraja la 1 ni kichwa ambacho mstari wa nywele wa mbele haujarudi nyuma, au umerudi kidogo sana. Daraja la 2, nywele za mapanjani zimeanza kurudi na kuacha pembe mbili ndogo. Wanaume wengi wa miaka 25 au 30 wako hapa, na daktari haliiti hilo kipara. Daraja la 3 ndilo la kwanza kuhesabiwa kuwa kipara: pembe za mapanjani zimeingia ndani kabisa. Daraja hili lina mdogo wake, daraja la 3 la utosi, ambalo mbele kumerudi kidogo tu lakini utosini kumefunguka duara.

Daraja la 4, mbele na utosi vyote vimepungua sana, lakini katikati yake kuna mkanda mnene wa nywele unaovitenganisha. Daraja la 5, mkanda huo umekuwa mwembamba na dhaifu. Daraja la 6, mkanda umetoweka na kipara cha mbele kimeungana na cha utosi. Daraja la 7, zimebaki nywele kama utepe tu, kutoka sikio moja kupita kisogoni hadi sikio la pili.

Ukiangalia vizuri utaona kwamba daktari hahesabu nywele. Anaangalia mambo matatu: pembe za mapanjani zimefika wapi, utosi ukoje, na ule mkanda wa katikati upo au haupo. Mtu mwenye macho mazuri na picha mbili, moja ya juu na moja ya upande, anaweza kujikadiria mwenyewe.

Kuna tahadhari moja. Wanaume 1,000 wa Norwood walikuwa Wazungu, na michoro yake ni ya nywele zilizonyooka. Kwetu wanaume wengi huwa na mstari wa mbele ulionyooka au wenye pembe tangu ujana, na vinyozi huurekebisha kwa mashine kila wiki. Daktari asipouliza, anaweza kusoma kazi ya kinyozi akadhani ni kazi ya homoni. Kwa sababu hiyo huwa anaangalia picha za zamani za mgonjwa, hata ya kitambulisho.

Uchunguzi wa mume

Tatizo la kwanza la mume lilikuwa kwamba alikuja amenyoa upara mzima. Alidhani kwa kunyoa anamrahisishia daktari kazi. Kumbe alimfungia mlango. Kichwa kilichonyolewa hakionyeshi unywele mnene uko wapi na mwembamba uko wapi. Aliambiwa arudi baada ya wiki nne bila kunyoa. Nywele huota kama sentimeta moja kwa mwezi, zetu zilizojisokota pengine pungufu kidogo, na urefu huo unatosha.

Aliporudi, ndipo walipokuja pamoja na mkewe. Daktari alimwangalia chini ya taa kali, kwanza kwa juu, kisha kwa upande, kisha kisogoni. Pembe za mapanja zilikuwa zimerudi kidogo. Utosini duara lilikuwa na upana wa sentimeta sita. Mkanda wa katikati ulikuwa mnene bado. Aliandika: daraja la 3 la utosi.

Kisha akachukua dermoskopu, kioo kidogo chenye taa kinachokuza kama mara 10, akakiweka pembezoni mwa duara. Hapa alitafuta kitu kimoja: je, nywele zina unene tofauti tofauti? Kwenye kichwa kisicho na tatizo, nywele jirani hulingana unene. Kwenye kipara cha kurithi, zaidi ya nywele moja katika kila tano huwa na unene usiolingana na wenzake. Ndivyo ilivyokuwa kwa mume. Ndani ya duara alilolidhani tupu, kioo kilionyesha malaika nyingi. Mashina yalikuwepo, yamesinyaa.

"Baba, hapa unapopaona pamekufa hapajafa," daktari alimwambia. "Ukipandikiza leo, utapanda shamba ambalo lina mbegu zake bado."

Hesabu ya akiba na kisogo

Mume hakuridhika mara moja. Kwa nini asipandikize tu, yaishe? Daktari akamfanyia hesabu.

Kupandikiza si kuongeza nywele. Ni kuhamisha mashina kutoka kisogoni na pembeni, ambako homoni haiyadhuru, kuyapeleka mbele au utosini. Ghala hilo lina mwisho. Kwa kichwa cha kawaida, madaktari hukadiria kwamba mafungu ya mashina yanayoweza kutolewa katika maisha yote, bila kisogo kuonekana kimeliwa, ni elfu chache, mara nyingi kati ya 4,000 na 8,000.

Duara lake la sentimeta sita lina eneo la karibu sentimeta 28 za mraba. Kwa kupanda mafungu 35 katika kila sentimeta ya mraba, angehitaji kama 1,000. Ni kazi ndogo, na wauzaji wa huduma wangeifurahia. Lakini ana miaka 34, na baba yake, kwa maelezo yake mwenyewe, alifikia daraja la 6 kabla ya miaka 60. Mtoto si lazima amfuate baba, kwani urithi huu hutoka pande zote mbili, lakini daktari hawezi kupuuza dalili hiyo. Eneo tupu la daraja la 6 linaweza kufika sentimeta 150 za mraba au zaidi. Kwa kipimo kile kile, hapo yanahitajika mafungu zaidi ya 5,000.

Sasa fikiria amepanda yale 1,000 utosini leo, bila dawa. Nywele zilizopandwa zitabaki, kwa sababu zimetoka kisogoni. Nywele zake mwenyewe kuzunguka duara zitaendelea kusinyaa. Baada ya miaka kumi atakuwa na kisiwa cha nywele katikati ya ziwa la ngozi, na ghala lililopungua la kuzibia mzunguko huo. Daktari anasema hili ndilo kosa analoliona mara nyingi kwa vijana waliokimbilia upasuaji: daraja lilikuwa la chini, likachukuliwa kama la mwisho.

Kwa nywele zetu kuna la ziada. Unywele uliojisokota umejipinda hata ndani ya ngozi, kwa hiyo mtoaji asiye na uzoefu nao hukata mashina mengi wakati wa kuyachimbua. Na mtu ambaye kidonda chake huacha makovu yaliyovimba ana hatari ya kupata makovu hayo kisogoni.

Kwa hiyo kwa ufupi, madaraja huongoza hivi. Daraja la 2 na la 3, dawa ndizo zenye kazi kubwa, kwa sababu mashina yaliyosinyaa ni mengi kuliko yaliyokufa. Daraja la 4 na la 5, dawa za kulinda kilichobaki, na upandikizaji unaweza kufikiriwa ikiwa hali imetulia. Daraja la 6 na la 7, dawa haina cha kufufua sehemu ya juu, na ghala la kisogo mara nyingi halitoshi kufunika kichwa chote. Hapo mgonjwa husaidiwa kuchagua: kufunika mbele tu, au kunyoa na kuishi na kichwa chake.

Dawa mbili na mipaka yake

Dawa ya kwanza ni minoksidili ya kupaka. Kwa wanaume hutumika ya asilimia 5, mililita moja mara mbili kwa siku, kwenye ngozi kavu ya kichwa, si kwenye nywele. Huirefusha kipindi cha kuota na kulinenepesha shina lililosinyaa. Katika wiki za mwanzo nywele hudondoka zaidi, kwa sababu zile kuukuu zinasukumwa na mpya. Watu wengi huacha hapo wakidhani inawamaliza. Matokeo huanza kuonekana baada ya miezi minne hadi sita.

Ya pili ni finasteraidi, kidonge cha miligramu moja kila siku, kinachozuia testosteroni kugeuzwa kuwa ile homoni kali. Majaribio yake makubwa yalifanywa kwa wanaume wa miaka 18 hadi 41 waliokuwa na upungufu wa utosini wa kadiri, si wenye kipara kamili. Baada ya miaka miwili, wanaume 83 kati ya kila 100 waliotumia dawa walikuwa na hesabu ya nywele ileile au zaidi, dhidi ya 28 kati ya 100 waliopewa kidonge kisicho na dawa. Matokeo hayo ni ya madaraja hayo. Mwenye daraja la 7 hawezi kuyachukua kama ahadi kwake.

Dawa hiyo ina madhara ambayo mtu lazima aambiwe mapema. Wanaume wachache hupungukiwa hamu au nguvu za tendo la ndoa. Wengine hupata huzuni nzito, na wameripotiwa waliopata mawazo ya kujidhuru. Mtu akiona hivyo aache na amwone daktari haraka. Pia hushusha kipimo cha damu cha tezi dume kwa karibu nusu, kwa hiyo mtumiaji anayepimwa tezi hiyo amwambie mpimaji. Na dawa zote mbili zina sharti moja: ukiacha, faida yake hupotea ndani ya mwaka hivi.

Kwa mama, mstari wa mbele hubaki

Zamu ya mke ilipofika, daktari hakutumia michoro ile ile. Kipara cha kurithi kwa wanawake hufuata njia nyingine. Mstari wa mbele kwa kawaida hubaki mahali pake, na nywele hupungua nyuma yake, katikati ya kichwa. Ndiyo maana mwanamke anaweza kuwa na tatizo miaka mingi na mtu anayemtazama usoni asijue.

Daktari Erich Ludwig wa Ujerumani ndiye aliyeweka kipimo chake mwaka 1977, baada ya kuchunguza wanawake 468. Kina madaraja matatu tu. Daraja la 1, nywele za katikati zimepungua kiasi cha kuonekana, kuanzia sentimeta moja hadi tatu nyuma ya mstari wa mbele. Kwa kuchana vizuri zinafichika. Daraja la 2, upungufu katika eneo lile lile ni mkubwa na haufichiki. Daraja la 3, eneo hilo limekuwa tupu au karibu tupu, ila ukanda wa mbele bado upo.

Kwa kuwa hatua tatu ni kubwa mno kwa kufuatilia mabadiliko madogo, madaktari wengi huongeza kipimo cha Sinclair wa Australia, chenye picha tano za njia ya katikati. Picha ya 1 ni njia ya kawaida. Ya 2, njia imepanuka. Ya 3, imepanuka na nywele za pande zote mbili zimekonda, ngozi inaonekana kwa ndani. Ya 4, kumefunguka uwazi sehemu ya mbele ya njia. Ya 5, upungufu umekomaa.

Daktari alimwomba mke asije amesuka, wala asije siku aliyofumua. Sababu yake ni hesabu rahisi. Mtu aliyekaa na rasta wiki sita amekaa siku 42. Kila siku nywele 50 hadi 100 zimekatika mzunguko wake, lakini hazikudondoka kwa kuwa zimefungwa ndani ya msuko. Siku ya kufumua zinatoka zote, kati ya 2,100 na 4,200 kwa mkupuo. Rundo hilo hutisha, kumbe ni la wiki sita. Pia msuko wenyewe hulazimisha njia zionekane pana kuliko zilivyo.

Akiwa na nywele zake za asili zilizofuliwa, daktari alichana njia tano: moja katikati, mbili juu ya masikio, moja utosini, moja kisogoni. Akalinganisha. Njia ya katikati ilikuwa karibu mara mbili ya ile ya kisogoni. Kioo kilionyesha nywele nene na nyembamba zikiwa zimechanganyika katikati, lakini kisogoni zililingana. Akaandika: Ludwig daraja la 1, Sinclair picha ya 2.

Akaona na jambo la pili. Mapanjani nywele zilikuwa zimekatika, zikabaki laini fupi kwenye ukingo kabisa. Hiyo si homoni. Ni kuvutwa na msuko unaobanwa, na haihesabiwi katika daraja la Ludwig. Dawa yake ni kulegeza msuko, kabla mashina hayajageuka kovu.

Pale namba inapodanganya

Hapa daktari alichukua muda mrefu kuliko kote, na wanawake wetu wanahitaji kujua sababu.

Kuna ugonjwa mwingine unaoanza mahali pale pale, utosini, na kupanuka kama duara, unaowapata zaidi wanawake wenye asili ya Afrika. Kwa mbali unafanana na Ludwig daraja la 2. Lakini huu ni ugonjwa wa kovu: uvimbe ndani ya ngozi huharibu shina na kuacha kovu mahali pake. Mwanzoni mgonjwa huona nywele za utosini zinakatika, na wengine huwashwa, huhisi maumivu au mchomo. Ngozi ya eneo hilo hulainika na kung'aa, na vitundu vya nywele hutoweka.

Vitundu ndivyo siri. Katika kipara cha kurithi, vitundu vipo hata kama kinachotoka ni malaika. Katika ugonjwa wa kovu, vinazibwa. Mwanamke mwenye kovu akipewa minoksidili peke yake kwa kuwa "ana Ludwig 2", atapaka mwaka mzima huku uvimbe ukiendelea kula mashina chini. Huyo anahitaji dawa za kutuliza uvimbe, mara nyingi za jamii ya steroidi, na mara nyingine kukatwa kipande kidogo cha ngozi ili kipimwe. Ugonjwa huo una kipimo chake chenyewe, hauingii katika Ludwig.

Kwa mke huyu vitundu vilikuwepo vyote, na hakuwa na maumivu wala muwasho. Daktari aliuliza pia kuhusu hedhi, chunusi na ndevu. Mwanamke ambaye hedhi yake imevurugika, ana chunusi nyingi na ndevu zinaota huhitaji kupimwa homoni kwanza. Yeye hakuwa na dalili hizo. Alipimwa damu kwa akiba ya chuma na tezi ya shingo. Tezi ilikuwa nzuri, akiba ya chuma ilikuwa chini.

Swali ambalo hawakuwa wameulizwa

Ndipo daktari akauliza, "Mnatarajia mtoto mwingine?"

Walitazamana. Walikuwa wakijaribu tangu mwaka uliopita.

Jibu hilo lilibadilisha dawa za wote wawili. Minoksidili haishauriwi kwa mama mjamzito wala anayenyonyesha. Spironolaktoni, kidonge ambacho wanawake wengi hupewa kuzuia homoni za kiume, haitumiki kabisa wakati wa ujauzito. Finasteraidi inaweza kudhuru viungo vya uzazi vya mtoto wa kiume tumboni, kiasi kwamba mjamzito hatakiwi hata kushika kidonge kilichovunjika.

Hapo daraja likafanya kazi yake. Kama mke angekuwa Ludwig 3, kusubiri kungekuwa kupoteza mashina yaliyokuwa mwishoni. Lakini alikuwa daraja la 1. Upungufu wa daraja hilo huenda polepole, na mashina mengi bado yana nguvu. Umri wake wa miaka 37 ulikuwa na haraka kuliko nywele zake. Waliamua mtoto kwanza: atumie vidonge vya chuma, alegeze msuko, apigwe picha ya njia ya katikati kila miezi sita, na dawa ya nywele isubiri hadi atakapomaliza kunyonyesha.

Alionywa na jambo jingine. Miezi miwili hadi minne baada ya kujifungua, nywele nyingi zitadondoka kwa pamoja. Huo ni mdondoko wa uzazi, nao hurudi wenyewe. Asikubali mtu yeyote amsomee daraja katika kipindi hicho, maana atapewa namba isiyo yake.

Mume alianza minoksidili. Finasteraidi iliahirishwa, kwa kuwa kwa baadhi ya wanaume hupunguza mbegu wakati wa kuitumia, na wao walikuwa wakitafuta mtoto. Ataianza mimba ikishatunga, na vidonge vitakaa mahali ambapo mkewe havigusi.

Miezi kumi na miwili baadaye

Tulipowaona tena, mke alikuwa na mimba ya miezi mitano. Picha zake mbili, za mwanga mmoja na umbali mmoja, zilionyesha njia ile ile, Sinclair 2. Ukingo wa mapanjani ulikuwa umeanza kujaa.

Mume alikuwa ameanza kidonge miezi minne iliyopita. Duara lake limepungua kutoka sentimeta sita hadi karibu nne na nusu, na ndani yake kuna nywele fupi nyeusi. Bado ni daraja la 3 la utosi. Daktari alimweleza kwamba mafanikio katika ugonjwa huu mara nyingi ni daraja kutopanda, na kwamba madaktari wawili wanaweza hata kutofautiana kati ya 3 na 4 kwa kichwa kimoja. Ndiyo maana picha huaminiwa kuliko kumbukumbu.

Akiba ya Uturuki haijaguswa. Sehemu yake, anasema mume, itanunua kitanda cha mtoto.

Ukienda kwa daktari wa ngozi

Mwanamume, usinyoe kwa wiki nne. Mwanamke, fumua angalau wiki moja kabla, osha nywele, usipake mafuta mazito wala kuvaa wigi siku hiyo. Beba picha zako za miaka mitano na kumi iliyopita, na majina ya dawa zote unazotumia.

Kisha muulize daktari maswali matatu kabla hajaandika chochote. Daraja langu ni lipi, na kwa kipimo kipi? Vitundu vya nywele bado vipo? Na dawa hii imethibitishwa kwa watu wa daraja langu, au wa daraja jingine? Kama kuna mimba, au mnaitafuta, liseme hilo mwanzo kabisa, hata kama mwenye kipara ni baba.